Kayaki kwenye hori la mikoko: tuondoke saa ngapi?

*Mimi na dada yangu hatujawahi kupiga kafi. Jumamosi tunakodi kayaki mbili tuingie hori la mikoko. Kutoka ufukweni hadi mdomo wa hori ni kama kilomita 1, na hori lenyewe lina urefu wa kilomita 2. Jedwali linasema maji kupwa 04:30 mita 0.8, kujaa 10:40 mita 3.2, kupwa tena 16:50 mita 0.8. Mwenye kayaki anasema tuondoke maji yakishajaa, na kwamba fungu la mchanga la mdomoni huanza kuonekana saa mbili na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa. Rafiki yetu anasema twende saa 12 alfajiri kabla ya upepo. Tumsikilize nani?*

Ondokeni ufukweni saa 3 kamili asubuhi. Ikifika saa 5, popote mlipo ndani ya hori, geuzeni. Kabla ya saa 6 mchana muwe mmeshavuka fungu la mdomoni mnarudi ufukweni. Mwenye kayaki anawachelewesha, na rafiki yenu anawawahisha mno. Sababu zote zimo ndani ya jedwali hilohilo mlilonalo, ila linahitaji kusomwa pole pole.

Kwanza saa zenyewe. Jedwali la maji huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 10:40 ni saa 4:40 asubuhi na 16:50 ni saa 10:50 jioni. Watu huchanganya hapa kuliko mahali pengine popote, hasa wanapoelezana kwa simu, na kosa la namna hiyo huwa la saa sita nzima: unafika wakati wa kujaa ukakuta tope. Angalieni pia kichwa cha jedwali kama saa ni za eneo lenu au ni UTC, maana majedwali mengine hayaongezi saa za eneo. Na someni ni la bandari gani. Kama bandari hiyo iko mbali na hori lenu, dakika zinaweza kutofautiana.

Sasa kina. Mita 3.2 haimaanishi kwamba horini mtakuta maji ya mita 3.2. Kipimo hicho huanzia kwenye alama ya msingi, karibu na kiwango cha chini kabisa ambacho maji hufikia mahali hapo. Fungu la mdomoni kwa kawaida liko juu ya alama hiyo, na ndiyo maana huonekana maji yakipungua. Swali lenu la kweli, basi, ni hili: fungu hilo liko juu kiasi gani? Mwenye kayaki amewapa jibu bila kujua.

Maji hayapandi wala kushuka kwa mwendo mmoja. Huanza taratibu, hukimbia katikati, kisha hupoa mwishoni. Mabaharia hulipima jambo hili kwa kugawa tofauti ya kujaa na kupwa sehemu 12: katika saa ya kwanza hupita sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ni makadirio, lakini kwa hori linalopata kujaa mara mbili kwa siku yanatosha kabisa. Jumamosi yenu tofauti ni 3.2 kutoa 0.8, yaani mita 2.4, kwa hiyo kila sehemu ni sentimita 20. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika 10, hivyo kila "saa" ya hesabu hii ni kama dakika 62.

Fuateni maji yanavyoshuka baada ya saa 4:40. Ikifika saa 5:40 yamepungua sentimita 20 tu, yako mita 3.0. Saa 6:45 yako 2.6. Saa 7:45 yako 2.0, na saa 8:45 yamefika 1.4. Saa mbili na nusu kabla ya kupwa ni saa 8:20 mchana, na hapo maji yako karibu mita 1.7. Huo ndio urefu wa fungu lenu. Kayaki iliyobeba mtu mmoja huzama sentimita 10 hadi 15 hivi, lakini kafi linahitaji nafasi zaidi ili lisichote mchanga, na kijiwimbi kidogo cha mdomoni hukushusha chini kabla hakijakuinua. Wekeni nusu mita juu ya fungu. Mdomo wenu, basi, uko wazi maji yakiwa mita 2.2 au zaidi, na hiyo ni kuanzia kama saa 2 kasoro dakika tano asubuhi hadi saa 7:25 mchana.

Hapo ushauri wa rafiki yenu unajijibu. Saa 12 alfajiri maji yako karibu mita 1.2, nusu mita chini ya mgongo wa fungu. Upepo ni kweli utakuwa umelala, lakini mtabeba kayaki mchangani.

Kumbukeni kwamba kisichobadilika ni urefu wa fungu. Saa ya kuonekana kwake hubadilika siku hadi siku. Muulizeni mwenye kayaki ile "saa mbili na nusu" aliiona lini. Kama ni wiki hii, sawa. Kama anakumbuka siku za maji mafu, wakati ambapo maji hayashuki sana, fungu hilohilo huchelewa kuonekana, na hesabu yenu lazima ianze upya kwa vipimo vya siku aliyoiona. Njia ya uhakika ni kwenda mdomoni Ijumaa kwa miguu, kuangalia saa mgongo wa fungu unapotokeza, kisha kuirudisha saa hiyo kwenye jedwali la Ijumaa.

Kwa nini sasa msianze maji yakishajaa, kama mwenye kayaki anavyosema? Kwa sababu kujaa ndio saa ya kugeuza. Mkianza ufukweni saa 4:40, mtafika mwisho wa hori karibu saa 6, na kila kosa mtakalofanya baada ya hapo litafanyika maji yakikupwa. Chukueni kosa dogo kuliko yote, kukwama kwenye fungu. Ukikwama saa 1 asubuhi, maji yanapanda karibu sentimita moja kila dakika. Unakaa, unakunywa maji, kayaki inaelea yenyewe. Ukikwama palepale saa 8:20 mchana, maji yana saa mbili na nusu nyingine za kushuka, kisha saa mbili na nusu za kurudi hadi kiwango kilekile. Utaelea saa 1:20 usiku, gizani. Kanuni ni rahisi kuikumbuka: ukikwama maji yakikupwa, hesabu muda uliobaki hadi kupwa, uzidishe mara mbili. Kibaya zaidi ni kukwama kwenye kilele cha bamvua kubwa, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maana kujaa kunakofuata kunaweza kusifike hapo ulipo.

Mkianza saa 3 mtakuta maji yako karibu mita 2.8 na yanaingia. Kilomita ya kwanza hadi mdomoni itawachukua dakika 20 hivi, kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa ambao mtu asiyezoea huumudu bila kuchoka. Ndani ya hori mkondo utawasukuma, na kilomita 2 za ndani, pamoja na kusimama mara mbili tatu kutazama kaa na ndege, zitaisha karibu saa 4:20 au 4:30. Mnabaki na nusu saa ya maji yaliyotulia, na hiyo ndiyo sehemu tamu ya safari nzima: maji hayakuvuti popote, unaweza kukaa kimya chini ya mti. Saa 5 mnageuza, mkondo mdogo wa kutoka unawasaidia, saa 5:40 mko mdomoni na maji ya mita 3.0, na saa 6 na dakika chache mko ufukweni. Kuanzia pale mnapovuka mdomo hadi mdomo unapofunga kuna saa moja na dakika 45. Akiba hiyo msiile. Ni ya kafi lililovunjika, mkono ulioshika misuli, au njia panda mliyoikosea.

Saa ya jedwali ni ya baharini, na mwisho wa hori maji hujaa kwa kuchelewa, pengine dakika 10, pengine 30 au zaidi, kulingana na urefu wa hori na wembamba wa mdomo wake. Msitegemee saa ya mkononi peke yake. Tazameni mzizi. Chagueni mzizi mmoja wa mkoko uliosimama wima majini, karibu kiasi cha kuugusa. Maji yakiwa bado yanapanda, sehemu ya mzizi iliyo juu ya maji ni kavu au ina rangi iliyofifia hadi kwenye uso wa maji. Yakianza kushuka, mkanda mwembamba wenye unyevu unaong'aa hubaki juu ya maji. Mkanda ukiwa na upana wa vidole viwili, kwa siku kama yenu maji yameanza kushuka kiasi cha nusu saa iliyopita. Hata kama saa 5 haijafika, hiyo ni ishara ya kugeuza.

Msisubiri zaidi ya hapo kwa kuona kwamba mkondo bado ni mpole. Katika hori la mikoko, maji yanayotoka mara nyingi huwa na nguvu kuliko yanayoingia. Wakati wa kujaa, maji husambaa msituni kati ya mizizi, eneo pana kuliko hori lenyewe. Yakikupwa, yote hayo hurudi kupitia njia moja nyembamba. Saa ya kwanza utayaona yamelala, na saa ya tatu yanakimbia.

Mkitaka kujua yanakimbia kiasi gani, tupeni jani mbele ya kayaki iliyotulia, mmeshika tawi au mwenzenu amezishikilia kayaki kwenye nguzo. Kayaki nyingi za kukodi za kukalia juu zina urefu wa mita 3 hivi. Jani likipita kutoka ncha hadi ncha kwa sekunde 6, mkondo ni nusu mita kwa sekunde, karibu kilomita 1.8 kwa saa: kurudi nyuma dhidi yake kunawezekana ila kunachosha. Likipita kwa sekunde 3, ni kilomita 3.6 kwa saa, yaani zaidi ya mwendo wenu wote. Kwenye mkondo wa namna hiyo mtu asiyezoea hawezi tena kuchagua mahali pa kwenda, na hapo ndipo mizizi inapokuwa hatari.

Ajali ya kawaida ya mgeni kwenye mikoko huanza hivi: kayaki imekaa upande, mkondo unaisukuma hadi ubavu wake unagota kwenye mizizi, naye kwa silika anajivuta kukimbia mizizi. Anapoegemea upande maji yanakotoka, ukingo wa upande huo unashuka, maji yanaupanda, kayaki inapinduka, na mtu anabanwa kati ya kayaki na mizizi. Fanyeni kinyume. Mkiona mnagota, egemeeni kwenye mizizi yenyewe, muikumbatie kama ikibidi, ukingo wa upande wa mkondo ubaki juu. Kisha jisukumeni taratibu mkifuata mizizi hadi ncha ya kayaki ipate njia. Vaeni viatu vinavyofunika mguu na, mkiweza, glavu nyepesi, kwa sababu mizizi mingi ina chaza wenye makali ya wembe.

Hori hupungua upana kadiri mnavyoingia. Msiendelee pale upana unapokuwa mdogo kuliko urefu wa kayaki moja na nusu, maana hapo hamtaweza kuzunguka na itabidi mtoke kinyumenyume, kazi ngumu kwa anayeanza. Kwenye pembe nyembamba shikeni kafi likiwa limesimama zaidi, karibu na mwili, ili lisinase kwenye matawi. Na kila penye njia panda, geukeni nyuma mtazame jinsi panavyoonekana mkiwa mnatoka. Maji yakijaa sana kingo huzama, njia ya kweli na mwanya tu kati ya miti hufanana, na mti mmoja wa mkoko haukusaidii kuutofautisha na mwingine. Piga picha ya upande wa kurudia, kila njia panda.

Rafiki yenu yuko sahihi kwa jambo moja, upepo. Sehemu nyingi za pwani zenye joto upepo wa bahari huamka mchana asubuhi ikishapata joto, ukivuma kuelekea nchi kavu. Ndani ya hori miti inawakinga. Mdomoni hakuna kinga, na maji yanayotoka yanapokutana na upepo unaoingia, mawimbi husimama mafupi na makali hata siku ambayo bahari pembeni yake ni shwari. Saa 5:40 mkondo wa kutoka ni mdogo bado. Saa 7 unakuwa na nguvu na upepo nao umekomaa. Huo ni mdomo uleule kwa kina cha kutosha, lakini ni kivuko kingine kabisa. Mkikuta kofia nyeupe za mawimbi juu ya fungu, subirini ndani ya hori dakika kadhaa na mtafute upande wenye maji laini zaidi, mara nyingi ni mfereji wenye kina kirefu, kisha vukeni ncha ya kayaki ikielekea mawimbi moja kwa moja, si ubavu.

Hesabu hii msiihamishe hivihivi kwenye lagoni, maji yaliyofungwa na mwamba au fungu na kubakiwa na mlango mwembamba. Huko lagoni huchelewa kujaa kuliko bahari: jedwali linasema maji yamejaa, nawe unakuta mlangoni bado yanaingia kwa kasi, kwa kuwa ndani bado ni chini kuliko nje. Mkondo wa mlango husimama pale tu viwango viwili vinapolingana, na tofauti hiyo na jedwali inaweza kupita saa nzima. Anayeanza abaki ndani, mbali na mlango, na asiukaribie wakati maji yanatoka. Faida ya lagoni ni kwamba kosa la kina husamehewa zaidi. Kosa la mlango halisamehewi.

Mkipenda kurudi siku nyingine, chagueni tarehe kabla ya kuchagua saa. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Maji mafu hufuata mwezi ukiwa nusu. Tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa mita 3.6 badala ya 2.4, kila sehemu ya ile hesabu ya 12 inakuwa sentimita 30, na zile saa mbili za katikati zinashusha sentimita 90 kila moja badala ya 60. Hori lilelile linatoa maji mengi zaidi kwa muda uleule, na matawi ya chini yanakukuta usoni wakati wa kilele. Kwa miezi ya mwanzo nendeni siku za maji mafu au zinazokaribia, ilimradi kilele cha siku hiyo kivuke ile mita 2.2 yenu kwa sentimita 40 au 50. Wakati wa kujaa husogea mbele kila siku, kwa wastani dakika 50, hivyo saa 4:40 ya Jumamosi hii haitakuwa saa 4:40 ya Jumamosi ijayo. Lakini kila pwani, bamvua zake hujaa karibu saa zilezile za siku mwaka mzima. Mkizitambua zenu, mtaweza kukisia jedwali kwa kuutazama mwezi, kisha mlifungue kuhakikisha.

Ahirisheni kama mvua kubwa imenyesha bara usiku wa kuamkia Jumamosi na hori linapokea mto. Maji ya mvua hurefusha muda wa kutoka na kuuongezea nguvu, na jedwali halijui habari ya mvua. Ulizeni pia wakazi kama hori lina mamba. Jibu likiwa ndiyo au la kusitasita, tafuteni hori jingine.

Ikitokea mkachelewa na fungu likafunga, msishuke kwenye tope. Mguu mmoja huzama hadi pajani na kiatu hubaki chini, na anayejaribu kumvuta mwenzake huzama naye. Bakini ndani ya kayaki kwenye mfereji wenye maji, zifungeni mbili pamoja, na piga simu. Kwa hiyo simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji uliofungwa mwilini, jaketi okozi livaliwe muda wote badala ya kukaliwa, na kila mmoja awe na lita moja na nusu ya maji ya kunywa na tochi ndogo. Kabla ya kusukuma kayaki majini mwambieni mwenye nazo mambo mawili: mtakuwa ufukweni saa 6:10, na asipowaona hadi saa 6:45 aje na mashua. Atakuwa na dakika 40 za kina cha kutosha kuvuka fungu kabla ya saa 7:25. Mkimpa saa 8, atafika fungu likiwa karibu kutokeza, na naye hataweza kupita.